Taarifa ya mshika fedha isikike sawa na daftari

Hotuba hii ilitolewa mbele ya washika fedha wa vikundi vya kuweka na kukopa, Chake Chake, Pemba. Tunaiweka yote hapa kwa ajili ya waliokosa kufika.

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ndugu zangu washika fedha, na nyinyi makatibu na wahesabu fedha mliokuja pamoja nao, leo hatutazungumzia namna ya kujaza daftari. Hilo mnalifanya kila wiki na wengi wenu mnalifanya vizuri. Tutazungumzia zile dakika nne za mwisho wa mwezi, pale mwenyekiti anapokuita usimame uwaambie wanachama fedha zao ziko wapi. Daftari linaweza kuwa safi kabisa, na bado wanachama wakaondoka wakinong'onezana. Kwa nini? Kwa sababu daftari wanaliona wachache, taarifa wanaisikia wote.

Na mfumo wetu huu tangu asili umejengwa juu ya kusikia. Vikundi vya namna hii vilianzishwa na shirika la CARE kule Maradi, Niger, mwaka 1991, kwa akinamama ambao wengi wao hawakujua kusoma. Hesabu zao walizishika kwa kichwa: mkutano unafungwa kwa kutajwa kilichomo sandukuni, mkutano ujao unafunguliwa kwa kukumbushana, kisha fedha zinahesabiwa. Mfumo ukafika Zanzibar, Unguja wakaujua kupitia JOSACA, jumuiya ya kuweka na kukopa ya pale Jozani, na vitabu vya wanachama na mihuri ya hisa tukapata. Lakini mkaguzi wa kwanza wa kikundi bado ni sikio la mwanachama. Basi suala letu la leo ni moja: je, mtu aliyekaa mkekani bila ya kalamu anaweza kuifuata taarifa yako na kuihakiki kichwani mwake?

Tuchukue kikundi kimoja cha mfano, tukae nacho mpaka mwisho. Kina wanachama 24. Hisa moja ni shilingi 2,000, na kila mkutano mtu hununua hisa moja mpaka tano. Wanakutana kila wiki. Mikopo hutolewa kila mkutano wa nne, kwa muda usiozidi miezi mitatu, na mkopo hauzidi mara tatu ya akiba ya mkopaji. Mfuko wa jamii ni shilingi 500 kwa mtu kila mkutano. Katiba yao haitozi ziada juu ya mkopo. Wanatoza faini ya kuchelewa mkutano tu. Wako mwezi wa saba wa mzunguko. Mshika fedha wao ameandika taarifa hii:

"Ndugu wanachama, mwezi huu tumekusanya michango ya shilingi 1,193,500. Mikopo iliyotolewa ni shilingi 7,150,000. Madeni yaliyopo ni shilingi 3,308,000. Kuna baadhi ya wanachama wanatuangusha, wanajijua, tunawaomba wabadilike. Fedha taslimu ni shilingi 429,500. Tuzidishe mshikamano. Ahsanteni."

Nakuulizeni: kuna uongo hapo? Hakuna. Kila tarakimu imetoka daftarini, na imetoka sawa. Lakini jaribu kuzijumlisha uone zinafika wapi. Hazifiki popote. Ukitoa, ukijumlisha, hakuna njia ya kutoka kwenye milioni moja na laki moja mpaka kwenye laki nne zilizomo sandukuni. Mwanachama mwenye akili ya hesabu atajaribu, atashindwa, na akishindwa hatasema "mshika fedha kapanga vibaya". Atasema "hapa pana jambo".

Tuinyooshe sentensi moja moja.

Ya kwanza ni michango. Mshika fedha wetu amesema michango ni 1,193,500. Ukifungua daftari utakuta hizo ni fedha za aina nne zilizomiminwa pamoja. Hisa ni 528,000. Marejesho ya mikopo ni 610,000. Faini ni 9,000. Mfuko wa jamii ni 46,500. Zote zimeingia sandukuni, ni kweli, lakini si zote michango. Rejesho la mkopo ni fedha ya kikundi inayorudi nyumbani; ilishahesabiwa kuwa akiba ya watu siku ile iliponunuliwa hisa. Ukiiita mchango, umeihesabu mara mbili.

Madhara yake hayaonekani siku hiyo. Yanaonekana siku ya mgao. Mwanachama amesikia mwezi huu "michango milioni moja na laki moja", mwezi uliopita alisikia kiasi kama hicho, kwa hivyo kichwani mwake kikundi kimeweka zaidi ya milioni kumi kwa mwaka. Siku ya kugawana zinatolewa milioni sita. Nani atamweleza siku hiyo akasikia? Ndiyo maana nasema neno "michango" liondoke kabisa kwenye taarifa ya mwezi. Sema hisa. Sema marejesho. Sema faini. Na mfuko wa jamii usome peke yake, kwa sababu una mkoba wake ndani ya sanduku na haukopeshwi.

Na ukitaja hisa, taja idadi kwanza, kisha shilingi: "hisa 264, sawa na shilingi 528,000". Mwanachama hajui laki tano zimetoka wapi, lakini anajua kwamba yeye kanunua hisa kumi mwezi huu na jirani yake kanunua kumi na mbili. Idadi ya hisa inamgusa yeye mwenyewe, na mihuri iliyomo kwenye vitabu vya wanachama, ikihesabiwa, lazima ifike 264 ile ile. Haikufika? Basi kuna mtu kagongewa mhuri bila ya kutoa fedha, au katoa fedha bila ya kugongewa. Lipekue kabla hujasimama.

Ya pili ni mikopo, na hapa sitakaa sana. Milioni saba na laki moja na nusu ni mikopo yote tangu mzunguko uanze. Hisa zote tangu mzunguko uanze ni 3,562,000. Mwanachama anauliza kwa haki kabisa: tumeweka milioni tatu na nusu, tumekopeshaje milioni saba? Jawabu lake ni jepesi. Shilingi laki moja iliyokopeshwa mwezi wa pili, ikarudi, ikakopeshwa tena mwezi wa tano, imehesabiwa mara mbili kwenye mikopo na mara moja tu kwenye hisa. Lakini kwa nini umtwishe mwenzio fumbo hilo mkutanoni? Taarifa ya mwezi inataka namba mbili tu za mikopo: iliyotolewa mwezi huu, nayo ni mikopo mitano yenye jumla ya 1,150,000, na fedha iliyoko nje leo, nayo ni 3,308,000. Ile jumla kubwa ihifadhi kwa taarifa ya mwaka.

Sasa tunafika pahala ambapo taarifa nyingi huharibika, nako ni kwenye madeni. Hapa tutakaa.

Mshika fedha wetu amesema "madeni yaliyopo ni 3,308,000", kisha papo hapo akasema kuna wanaotuangusha. Aliyesikiliza ameunganisha mambo mawili: milioni tatu zimekwama. Si kweli. Kikundi cha kuweka na kukopa kikiwa na fedha nyingi nje, hicho ndicho kinachofanya kazi yake. Kuna tofauti kubwa baina ya fedha iliyoko nje na fedha iliyochelewa, na taarifa isiyotenganisha hizo mbili inawatisha watu bure, na wakati huo huo inaficha kile kidogo cha kutisha kilichopo.

Tuitenganishe. Wakopaji ni 15. Kumi na moja wanalipa kwa tarehe zao. Wanne wamechelewa. Katika hao wanne, wa kwanza alikopa 240,000 kwa marejesho matatu ya 80,000, na rejesho la kwanza limepita bila ya kulipwa. Wa pili na wa tatu, kila mmoja alikopa 150,000, akalipa 50,000 za mwanzo, na 50,000 za pili zimepitwa. Wa nne alibakiwa na 180,000 na tarehe yake ya mwisho kabisa imepita zaidi ya miezi miwili.

Zilizochelewa ni ngapi? Wengi watajumlisha mabaki yote ya watu hao: 240,000, na 100,000, na 100,000, na 180,000, wapate 620,000. Wengine watajumlisha marejesho yaliyopitwa tu: 80,000, na 50,000, na 50,000, na 180,000, wapate 360,000. Nani yuko sawa? Wote wawili, kila mmoja kwa jambo lake. Laki tatu na elfu sitini ndizo zilizotakiwa ziwe zimeshafika leo na hazijafika. Laki sita na elfu ishirini ndizo zilizo mikononi mwa watu ambao wameshaonesha dalili ya kukwama. Ya kwanza inakuambia umepungukiwa na kiasi gani cha kukopesha mwezi huu. Ya pili inakuambia hatari ina upana gani: karibu moja ya tano ya fedha zote zilizo nje. Zitaje zote mbili, kila moja kwa jina lake, na usizichanganye kutoka mwezi huu hadi mwezi ujao. Kosa baya kuliko yote ni mwezi huu kusema kwa njia ya kwanza na mwezi ujao kwa njia ya pili, watu wakaona malimbikizo yamekaribia kuwa mara mbili ilhali hakuna kilichobadilika.

Kisha tenganisha wanne hao kwa umri wa ucheleweshaji, maana hawafanani. Watatu wamekosa rejesho moja moja. Mmoja muda wake wote umekwisha. Hao watatu dawa yao huenda ikawa kukaa nao na kupanga. Huyo mmoja anahitaji uamuzi wa kikundi.

Na hapa nataka mtazame vizuri yule wa 240,000. Alikopa kwa ajili ya mwani: kamba, vigingi, mbegu. Mwani hukaa baharini kiasi cha wiki sita ndipo uvunwe, kisha uanikwe, kisha usubiri mnunuzi. Na mvua za masika zikiingia, kuanika ndiko kunakokwama. Rejesho lake la kwanza liliwekwa wiki ya nne. Wiki ya nne mwani bado uko kambani! Mtu huyo alichelewa tangu siku aliyosaini mkopo. Hilo si tabia, ni tarehe. Mshika fedha akiliona hilo daftarini, ana la kuiambia kamati: mkopo wa mwani uwe na marejesho mawili, la wiki ya nane na la wiki ya kumi na mbili, 120,000 kila moja, na bado haujavuka miezi mitatu ya katiba. Taarifa iliyosema tu "baadhi wanatuangusha" isingeliona hili hata siku moja.

Tukija kwenye majina, najua mnavutana. Wako wanaosema tajeni, ili watu waone haya wakalipe. Katika shehia zetu hizi, ambako mdaiwa ni shemeji wa katibu na mtoto wa mwalimu wa madrasa, jina likisomwa kwenye taarifa siku ya Jumamosi, Jumamosi inayofuata mtu haji. Asipokuja, hanunui hisa. Asiponunua hisa, mnafuatilia deni nyumbani kwake badala ya mkekani. Lakini kuficha nako kuna madhara yake: "baadhi ya wanachama, wanajijua" kunawafanya wote 24 watazamane. Njia ya katikati ipo na ni nyepesi. Taja idadi, taja kiasi, taja muda, usitaje jina. Daftari la mikopo lina majina yote, na mwanachama yeyote ana haki ya kulisoma. Deni letu limeandikwa mbele ya mashahidi, kama aya ya 282 ya Suratul Baqara inavyoamrisha. Kulisomea watu jina kwenye taarifa ni jambo jengine kabisa. Na maneno ya kulaumu, "wanatuangusha", "wabadilike", yafuteni yote. Mshika fedha anatoa hesabu. Kuonya ni kazi ya mwenyekiti.

Sasa fedha taslimu. Ametaja 429,500. Hizo ni 312,000 za mfuko wa mikopo na 117,500 za mfuko wa jamii, kazichanganya. Mwanachama anayetaka kukopa kesho kutwa kasikia zipo laki nne, ataomba laki nne, ataambiwa hazipo. Tenganisheni. Na kabla ya kusimama, wahesabu fedha wawe wameshahesabu mbele ya watu, mkoba mmoja mmoja, na kutaja kwa sauti. Ukisimama baada yao, namba yako ya mwisho inakutana na namba waliyoitaja wao. Hakuna kinachotuliza mkutano kuliko namba mbili zilizotoka kwa watu wawili tofauti zikakutana.

Na zisipokutana? Usitoe taarifa. Omba dakika kumi. Kwanza chukua tofauti uigawe kwa tisa. Ikigawanyika bila ya baki, kuna uwezekano mkubwa kuwa tarakimu mbili zimepinduliwa: 54,000 imeandikwa 45,000, tofauti 9,000; au 82,000 imeandikwa 28,000, tofauti 54,000. Ikiwa haigawanyiki, igawe kwa mbili, kisha utafute daftarini kiasi hicho cha nusu: huenda rejesho la 40,000 limeandikwa upande wa fedha zilizotoka, na tofauti ikawa 80,000. Kisha tazama mkoba wa pili, kwani fedha za mfuko wa jamii kuingia kwenye mkoba wa mikopo ni jambo la kila mara watu wakilipa yote mawili kwa noti moja ya elfu kumi. Ukishindwa kuipata, sema wazi: "daftari linasema 312,000, sanduku lina 308,000, tumepungukiwa 4,000, kamati italeta jawabu mkutano ujao." Usijazie kutoka mfukoni mwako. Ukijazia leo, kosa lililoko daftarini linabaki humo humo, na siku ukilipata fedha zitazidi bila ya maelezo.

Kuna hesabu moja ya mwisho ambayo kikundi kisichotoza ziada kinaweza kuifanya kwa mstari mmoja, na nasikitika kwamba wachache wanaifanya. Hisa zote tangu mwanzo wa mzunguko, pamoja na faini zote, lazima ziwe sawa na fedha zilizomo kwenye mkoba wa mikopo pamoja na fedha zilizo nje. Kwa kikundi chetu: hisa 3,562,000 na faini 58,000 ni 3,620,000. Sandukuni 312,000 na nje 3,308,000 ni 3,620,000. Imekutana. Kwa vikundi vinavyotoza ada ya mkopo, ongezeni ada zilizokwisha kulipwa upande wa hisa na faini, na gharama zilizokatwa mfukoni humo, kama daftari na kalamu, zitoeni. Mkishapata mstari huo, usomeni kila mwezi. Huo ndio unaomwambia mwanachama fedha zake ziko wapi.

Sasa nisikilizeni, niisome taarifa ile ile ikiwa imenyooka. Namba ni zile zile za daftari lile lile.

"Assalamu alaykum. Ndugu wanachama, hii ni taarifa ya fedha ya mwezi wa saba wa mzunguko wetu, kwa mikutano minne.

Naanza na mfuko wa mikopo. Mwezi uliopita tulifunga na shilingi 315,000. Mwezi huu mmenunua hisa 264, sawa na shilingi 528,000. Wakopaji wamerejesha 610,000. Faini ni 9,000. Pamoja na zile za mwanzo tukawa na 1,462,000. Tumetoa mikopo mitano, jumla 1,150,000. Zimebaki 312,000, nazo ndizo zilizohesabiwa mbele yenu sasa hivi.

Mfuko wa jamii ulikuwa na 121,000. Zimeingia 46,500. Tumetoa 50,000 kwa msiba mmoja. Zimebaki 117,500. Malipo matatu ya shilingi 500 bado hayajaletwa.

Tangu tuanze mzunguko, hisa zetu ni 3,562,000 na faini 58,000, jumla 3,620,000. Ziko wapi? Sandukuni zimo 312,000. Nje, kwa wenzetu 15 waliokopa, ziko 3,308,000.

Katika hao 15, kumi na moja wanalipa kwa tarehe zao. Wanne wamechelewa. Marejesho yaliyopitwa na tarehe ni 360,000. Mwezi uliopita yalikuwa 230,000. Watatu wamekosa rejesho moja kila mmoja, jumla 180,000. Mmoja tarehe yake ya mwisho imepita zaidi ya miezi miwili, naye amebakiwa na 180,000. Ukihesabu na marejesho ambayo tarehe zake hazijafika, hao wanne wana fedha zetu 620,000. Aliyechelewa rejesho moja mwezi uliopita ameshalikamilisha, tunamshukuru.

Kamati inaleta mambo mawili mbele yenu. La kwanza, mikopo ya mwani iwe na marejesho mawili, wiki ya nane na wiki ya kumi na mbili. La pili, lile deni lililomaliza muda: tuongeze muda, au tutumie kifungu cha katiba cha kukata akiba? Akiba iliyopo ni 124,000, kwa hivyo kisichofunikwa ni 56,000. Daftari liko mezani. Karibuni kwa masuali."

Umeona? Ni zaidi kidogo ya dakika tatu kwa mtu asiyekimbia. Kila namba inazaa inayofuata. Na lile deni la miezi miwili ambalo watu walikuwa wakilisema vichochoroni kama vile litauvunja mzunguko, kumbe kisichofunikwa na akiba ndani yake ni 56,000. Kikundi kinaweza kuliamua kwa utulivu. Nafuu hiyo imetokana na kulitaja kwa ukamilifu.

Mambo madogo ya ulimi, halafu nimalize. Usimeze neno elfu. "Laki tatu na kumi na mbili" anayeandika atakuuliza ni 312,000 au 300,012. Sema "laki tatu na elfu kumi na mbili". Usisome tarakimu moja moja kama namba ya simu. Baada ya kila baki, nyamaza kidogo, kwa sababu yuko bibi mkekani anahesabu kwa vidole na anakufuata. Usiseme "takriban" kwenye fedha za sandukuni; sanduku halina takriban. Isome taarifa mara mbili kwa katibu kabla ya mkutano, yeye akiwa na daftari mkononi, wewe ukiwa na karatasi. Kila anapokukatiza, hapo ndipo patakapoulizwa.

Na mtu akisimama akasema "mimi hisa zangu si hizo", usijibizane naye kwa taarifa. Taarifa haina jina lake. Chukua kitabu chake, hesabu mihuri naye ukurasa kwa ukurasa, kisha fungueni ukurasa wa namba yake kwenye daftari la kikundi. Vikitofautiana, andikeni tofauti hiyo siku hiyo hiyo, tarehe na kiasi, mwenyekiti atie saini na mwanachama atie yake, na isomwe kwenye taarifa ya mwezi ujao, ilivyotatuliwa.

Ahsanteni sana.